Leja ya stoo ya zahanati: uchukue muhtasari wa mwezi, au uingize mistari yote?

Mfamasia wa wilaya anapoomba takwimu za dawa za zahanati, anataka mambo mawili tu kwa kila dawa: ilitumika kiasi gani kila mwezi, na ilikosekana siku ngapi. Leja ya stoo ina majibu ya yote mawili, au karibu yote. Tatizo ni kwamba imeandikwa kwa mkono, ukurasa mmoja kwa dawa moja, na wewe unatakiwa kuipeleka kama jedwali kabla fomu ya taarifa na maombi haijajazwa.

Njia za kufanya kazi hii ni mbili. Ya kwanza ni muhtasari: kwa kila dawa na kila mwezi unachukua namba tano, yaani salio la mwanzo, kilichopokelewa, kilichotolewa, upotevu au marekebisho, na salio la mwisho. Ya pili ni kuingiza mistari yote, kila tarehe na kila hati kama ilivyo kwenye leja, halafu kompyuta ijumlishe. Nimefanya zote mbili, na kila moja imeniaibisha kwa namna yake.

Tuanze na muda, maana ndio watu huuliza kwanza. Chukua zahanati yenye dawa na vifaa 80 kwenye leja, na taarifa ya miezi sita. Muhtasari unakupa mistari 480 ya jedwali. Ukiingiza kila kitu, kwa wastani wa mistari minne kwa mwezi kwa kila dawa, unafika 1,920. Muhtasari ni kazi ya siku moja ndefu. Mistari yote ni siku tatu au nne, na kufikia siku ya tatu macho yanaanza kusoma 1 kama 7. Kwa hiyo anayechagua kwa kuangalia saa atachukua muhtasari, na kwa dawa nyingi hatakosea. Atakosea kwa zile zilizoisha katikati ya mwezi, ambazo ndizo mfamasia anazitafuta.

Tazama ukurasa mmoja. Ni amoksilini ya watoto, vidonge vya kuyeyusha vya miligramu 250, mwezi Machi. Kizio ni kidonge.

| Tarehe | Kutoka / kwenda | Pokea | Toa | Marekebisho | Salio |
|---|---|---|---|---|---|
| 1/3 | Salio la mwanzo | | | | 400 |
| 4/3 | Dirisha la dawa | | 200 | | 200 |
| 9/3 | Dirisha la dawa | | 200 | | 0 |
| 22/3 | Bohari ya Dawa | 1,000 | | | 1,000 |
| 22/3 | Dirisha la dawa | | 300 | | 700 |
| 28/3 | Dirisha la dawa | | 200 | | 500 |
| 31/3 | Hesabu ya rafu | | | −20 | 480 |

Kwa muhtasari unaandika: mwanzo 400, pokea 1,000, toa 900, marekebisho −20, mwisho 480. Unahakiki: 400 + 1,000 − 20 − 480 ni 900, sawa na jumla ya kilichotolewa. Namba zimekubaliana, unaenda dawa inayofuata. Mfamasia atakayesoma mstari huo ataona dawa iliyoanza mwezi ikiwa na salio na kumaliza ikiwa na salio. Hakuna kinachomwambia kwamba kuanzia tarehe 10 hadi 21, siku 12 kamili, stoo haikuwa na kidonge hata kimoja.

Kwa njia ya pili siku hizo zinajitokeza zenyewe, kwa sababu umeandika tarehe ya salio la sifuri na tarehe ya mzigo uliofuata. Ikiwa safu A ni jina la dawa, B tarehe, C hati, D pokea, E toa, F marekebisho (upotevu uwe na alama ya kutoa), na G salio, basi fomula hii kwenye mstari wa 3 inahesabu siku za ukosefu:

```
=IF(AND(A3=A2,G2=0),B3-B2-1,0)
```

Kwa ukurasa wetu itatoa 22 − 9 − 1, yaani 12. Kanuni iliyomo ni kwamba siku dawa ilipoisha na siku mzigo ulipofika hazihesabiwi, kwa kuwa katika siku hizo mbili kulikuwa na dawa kwa sehemu ya siku. Mwingine anaweza kuchagua kanuni nyingine, ila iandikwe juu ya jedwali, kwa sababu zahanati mbili zikihesabu tofauti mfamasia hawezi kuzilinganisha.

Fomula hiyo ina ugonjwa mmoja. Tuseme dawa imeisha 25/3, hesabu ya rafu ikafanyika 31/3 ikaandikwa 0, mzigo ukaja 6/4. Ukosefu wa kweli ni siku 11: sita za Machi na tano za Aprili. Fomula inaona mapengo mawili, inatoa 5 na 5, na tarehe 31 yenyewe inamezwa. Kila ukosefu unaovuka mwezi naugawa kwa mkono. Si mingi kiasi cha kuchosha.

Hapo ungedhani ushindi ni wa mistari yote. Ngoja kwanza, kwa sababu leja ya stoo haisemi dawa imetumika lini. Inasema imetoka stoo lini. Vile vidonge 200 vilivyotoka tarehe 9 havikumezwa siku hiyo. Vilihamia chumba cha kutolea dawa, na pale dirishani viliendelea kugawiwa siku kadhaa huku leja ikionyesha sifuri.

Katika mfano wetu, dirishani kulikuwa na vidonge 60 tarehe 1 asubuhi na 110 tarehe 31 jioni. Matumizi ya kweli ya Machi basi ni 60 + 900 − 110, yaani 850. Rejista ya kutolea dawa inaonyesha mtoto wa mwisho kupewa amoksilini alikuwa tarehe 14. Mgonjwa aliyefika tarehe 15 hadi 21 hakupata. Ukosefu uliowagusa wagonjwa ni siku saba, ule wa stoo ni 12.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu siku za ukosefu huingia kwenye hesabu ya matumizi. Mwezi ambao dawa haikuwepo siku fulani hauonyeshi mahitaji kamili, hivyo tunagawa matumizi kwa siku ambazo dawa ilikuwepo, kisha tunazidisha kwa siku za mwezi. Anayetumia namba za leja peke yake atafanya 900 ÷ 19 × 31 na kupata 1,468. Anayetumia dirisha atafanya 850 ÷ 24 × 31 na kupata 1,098. Asiyerekebisha chochote, yule wa muhtasari, atabaki na 900.

Namba tatu kwa dawa moja, mwezi mmoja, leja ileile. Ya kwanza inaagiza vidonge ambavyo vitaisha muda vikiwa rafuni. Ya tatu inaleta upungufu uleule mwezi ujao, na ujao tena, kwa sababu kila ukosefu unapunguza matumizi, na matumizi yaliyopungua yanapunguza oda inayofuata. Nilishawahi kupeleka namba ya aina ya kwanza nikiamini ndiyo ya kitaalamu zaidi, kwa vile ilitoka kwenye jedwali zuri lenye fomula. Mfamasia alinipigia akauliza swali moja tu: "Dirishani mlihesabu?" Hatukuwa tumehesabu.

Ndiyo sababu nasema ulinganisho huu hauamuliwi na jedwali lipi lina mistari mingi. Mistari yote bila hesabu ya dirisha inaweza kupotosha kuliko muhtasari, kwa kuwa inaonekana sahihi. Kama zahanati haihesabu dirishani mwisho wa mwezi, kabla ya kufikiria kompyuta omba kitu kimoja tu: jioni ya siku ya mwisho, anayefunga dirisha ahesabu dawa zake na kuandika kwa penseli pembeni ya ukurasa wa leja. Kwa dawa kumi au kumi na tano zinazokwenda haraka, haichukui hata saa moja.

Ambapo mistari yote inashinda bila ubishi ni katika kugundua makosa ya leja yenyewe. Salio la kila mstari linapaswa kutoka kwenye mstari wa juu yake, na kompyuta inaweza kukagua hilo:

```
=IF(A3<>A2,"",IF(G2+D3-E3+F3=G3,"","ANGALIA"))
```

Andika salio kama lilivyo kwenye leja, hata ukiona kwa macho kwamba si sahihi. Usimsahihishie aliyeandika. Neno ANGALIA likitokea, ndipo urudi kwenye ukurasa.

Kosa linalotokea sana ni la kizio. Mseto wa malaria huja kwenye boksi lenye dozi 30. Mpokeaji anaandika "5" kwenye safu ya kupokea, akimaanisha maboksi, lakini salio analiandika kwa dozi: lilikuwa 40, sasa 190. Fomula inapiga kelele papo hapo, maana 40 + 5 si 190. Muhtasari nao utaligundua kwa njia yake: mwanzo 40, pokea 5, mwisho 130, na matumizi yanatoka −85. Matumizi hasi hayapo duniani, hivyo unajua kuna kitu. Lakini geuza kosa. Mtoaji anaandika ametoa "2", yaani maboksi mawili, salio linashuka kwa 60. Ukijumlisha safu ya kutoa unapata 2, ukitumia tofauti ya masalio unapata 60. Anayechukua njia moja tu ya kukokotoa hataona kitu, na dawa itaonekana kama haina wagonjwa. Kwa hiyo hata ukiamua muhtasari, usiache mojawapo ya zile namba tano. Mtu akikuambia inatosha salio la mwanzo, pokea na salio la mwisho, anakunyima kioo cha kujitazamia.

Kosa la pili hukaa mahali pasipotazamwa, yaani pale ukurasa unapoisha na salio kuhamishiwa ukurasa mpya. 340 huwa 430, au linahamishwa salio la mstari wa kabla ya mwisho. Ukiingiza mistari yote, kurasa mbili za dawa moja zinaungana na fomula inakamata. Ukifanya muhtasari na ukurasa mpya ukaanzia tarehe 1, salio la mwanzo la mwezi litapishana na salio la mwisho la mwezi uliopita, na utaliona ikiwa tu umeweka miezi kando kwa kando. Mimi hupanga hivyo siku zote: dawa moja, miezi sita mfululizo, mstari mmoja chini ya mwingine. Kupanga kwa mwezi, dawa zote za Januari kisha zote za Februari, ni kufuata mpangilio wa faili na kuficha kosa hili moja kwa moja.

Njia ya mistari yote nayo ina mitego yake, na mbaya zaidi ni tarehe. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Kimarekani husoma 4/3 kama tarehe 3 Aprili. Haitakuonya. Utajua kwa kuangalia 22/3: kwa kuwa hakuna mwezi wa 22, Excel inaiacha kama maandishi na kuisogeza upande wa kushoto wa seli, wakati tarehe za kweli zimekaa kulia. Ukiona safu ya tarehe ina baadhi kushoto na baadhi kulia, simama hapohapo. Zile za kulia ndizo zilizoharibika, kwa sababu zimekubaliwa kimakosa. Mwenye muhtasari hapati shida hii, kwa kuwa haandiki tarehe kabisa, isipokuwa mwezi.

Kuna ukosefu mmoja ambao njia zote mbili hazioni. Leja inaonyesha parasetamoli 1,000 mwezi mzima, kopo moja. Tarehe 31 wanahesabu rafu: hakuna kitu. Wanaandika marekebisho −1,000, salio 0. Kopo lilitoka lini? Pengine lilichukuliwa usiku mtu akasahau kuandika, pengine liliondoka na asiyehusika. Kwa muhtasari ni upotevu wa 1,000 na matumizi sifuri. Kwa mistari yote pia ni hivyo, siku za ukosefu zikiwa sifuri. Dalili ni hilo rekebisho kubwa linalokuja siku ya hesabu, na pa kutafutia jibu ni rejista ya kutolea dawa. Ikiwa wagonjwa waliendelea kuandikiwa na kupewa parasetamoli, kopo lilitumika na hayo ni matumizi. Ikiwa rejista inakauka tarehe fulani na hairudi, hapo una mwanzo wa ukosefu. Ikiwa huwezi kujua, acha seli wazi na uandike "haijulikani" pembeni. Usiweke 0.

Hilo la 0 na seli tupu lina gharama yake kwenye wastani. Tuseme amoksilini ileile ilitumika 1,050 Januari, Februari haikuwepo kabisa, na Machi ni ile 1,098. Ukiandika Februari kuwa 0, wastani wa miezi mitatu ni 716. Ukiiacha tupu, fomula ya wastani inagawa kwa miwili na kutoa 1,074. Zahanati ileile, watoto walewale. Vivyo hivyo, mwezi ambao dawa ilikuwepo siku nne au tano tu usiukuze kwa kuzidisha: mzigo unapofika baada ya ukosefu mrefu watu humiminika, na siku hizo nne zitakupa mahitaji ya kijiji kisichokuwepo. Itoe kwenye wastani, useme umeitoa.

Sasa nichague. Kwa zahanati yenye mtu mmoja wa stoo ambaye pia anachoma sindano, siwezi kupendekeza mistari yote kwa dawa zote. Ninachofanya ni muhtasari wa namba tano kwa kila kitu, na kuongeza safu mbili: tarehe salio lilipogusa sifuri na tarehe mzigo ulipofika. Unapopitisha kidole kwenye ukurasa kutafuta salio la mwisho, sifuri unaiona hata usipoitafuta, kwa hiyo safu hizo hazichelewi kujazwa. Kisha naingiza mistari yote kwa makundi mawili tu: dawa zilizogusa sifuri, na zile ambazo jumla ya kilichotolewa haikulingana na tofauti ya masalio. Mara nyingi huwa naishia kwenye kurasa kumi hadi ishirini badala ya themanini.

Mistari yote kwa dawa zote naiona inafaa pale tu leja inapokuwa inahamishiwa kwenye kompyuta moja kwa moja na haitarudi kwenye karatasi, au pale mfamasia anaposhuku wizi na anataka kuona kila hati. Katika hali hiyo ya pili usiifanye peke yako. Mmoja asome kwa sauti, mwingine aandike, na anayesoma asiwe mtunza stoo.

Kwa amoksilini ya Machi, mstari ninaoupeleka unasomeka hivi: imetoka stoo 900, imetumika 850, ukosefu stoo siku 12, dirishani siku 7, matumizi yaliyorekebishwa 1,098, upotevu 20, sababu haijaandikwa. Mfamasia atauliza kuhusu hivyo vidonge 20 kabla ya kuuliza kingine chochote, kwa hiyo ni vizuri kumuuliza mtunza stoo leo, akiwa bado anakumbuka ule ukanda wa vidonge uliolowa maji karibu na dirisha la stoo.